Risiti ya Dawa ya Nyoka

Khaemba akiingia dukani kwangu huinamisha kichwa, ingawa mlango ni mrefu kumliko. Miaka kumi na moja kwenye mashine ya kukamua mkonge imemzoeza kuinama, na mimi miaka hiyo yote nimekuwa nikimuuliza kama ananisujudia. Hajawahi kunijibu. Mimi ni mtu wa kuchokoza. Nimeuza maji kwa mkokoteni, nimeuza makaa yakanyeshewa, nimefungua hoteli ikala mtaji wangu kabla haijalisha mtu, na kila mara kilichobaki ni mdomo. Sasa nina saiba hapa Voi, karibu na soko: kompyuta mbili, fotokopi moja, na mashine ya kulamineti ambayo ndiyo inayolipa kodi.

Watu wa huku wanapenda kulamineti. Jua na vumbi jekundu vinakula karatasi, kwa hiyo kitu cha maana lazima kiingie kwenye plastiki. Cheti cha kuzaliwa, kadi ya ubatizo, shahada ya mtoto, hata picha ya marehemu ya siku ya mazishi. Nishalamineti barua ya posa. Mtu akiniletea karatasi mkononi kama amebeba yai, najua kabla hajasema.

Jumamosi hiyo, tarehe kumi na tisa Julai, Khaemba alikuja baada ya zamu ya asubuhi, nyuzi za mkonge bado zimemnasa kwenye nywele.

"Baba Valentine," nikamwambia, "umekuja niandike barua ya kuomba msamaha kwa mke, ama leo ni ya kumwomba akurudishe?"

Akavuta kiti akakaa. Akatoa bahasha ndani ya shati.

Habari ya Valentine nilikuwa naijua, kambi nzima ya wafanyakazi wa shamba iliijua. Mtoto wa miaka saba, tarehe mbili Juni alikuwa akiokota kuni kando ya mistari ya mkonge na mamake, Lorine, akamkanyaga bafe, yule nyoka mnene mvivu asiyekimbia mtu. Akaumwa juu ya kifundo cha mguu. Hospitali walimpokea vizuri, SHA, bima ya serikali, ikashughulikia kitanda na madaktari, ila dawa ya sumu ya nyoka ilikuwa imeisha siku hiyo. Daktari akaandika karatasi, akamwambia baba akimbie akanunue nje. Chupa sita, kila moja elfu tisa na mia tano. Elfu hamsini na saba. Khaemba aliuza pikipiki yake saa hiyo hiyo, pale pale kwenye geti la hospitali, kwa mtu aliyekuja mbio na pesa aliposikia bei kwa simu. Alilipa pesa taslimu katika duka la dawa la mzee Ndulu, akapewa dawa na risiti.

Mtoto akapona sumu, lakini nyama ya mguu ilioza ikabanduka, kama bafe anavyofanya. Palibaki kidonda kikubwa kama kiganja changu. Daktari alisema kitahitaji kupandikizwa ngozi kutoka kwenye paja, na kisikae wazi muda mrefu, kwa sababu chini yake ni mfupa. Walikuwa wamepewa tarehe: tano Agosti. SHA ingelipa sehemu ya upasuaji. Iliyobaki, elfu arobaini na tano, mzazi aweke kabla mtoto hajalazwa.

"Na bima ya kampuni?" nikauliza.

Alinisukumia barua ya kwanza. Bima ya wafanyakazi wa shamba ilikuwa na kiwango kimoja kwa familia kwa mwaka, na kiwango cha Khaemba kilikuwa kimeisha Februari, Lorine alipojifungua kwa upasuaji. Bima waliandika kwa heshima zote kwamba wanasikitika, dai la dawa halitalipwa. Barua ile ilichukua zaidi ya mwezi kuja. Alikuwa ameipata jana yake.

Lakini palikuwa na njia nyingine, na ndiyo iliyomleta kwangu. Katika mkataba wa kampuni na chama cha wafanyakazi kuna kifungu kinachosema kwamba mfanyakazi aliyelipa matibabu kutoka mfukoni mwake, na bima ikakataa, anaweza kuomba kampuni yenyewe imrudishie, mpaka elfu sitini kwa mwaka. Aombe ndani ya siku sitini tangu alipolipa. Alete barua ya maombi, barua ya bima ya kukataa, karatasi ya daktari iliyoagiza dawa, barua ya kuruhusiwa kutoka hospitali, na risiti halisi. Kamati hukaa Alhamisi ya mwisho ya kila mwezi, na faili lazima liwe mezani kwa HR, ofisi ya wafanyakazi, siku saba kabla. Yaani Alhamisi ya wiki iliyokuwa inakuja, tarehe ishirini na nne. Kamati ikipitisha tarehe thelathini na moja, HR ilikuwa imemwahidi kwamba kwa jambo la mtoto watatoa hundi siku iyo hiyo. Siku tano kabla ya upasuaji.

Nikapiga hesabu hiyo kwa sauti nikamwambia huyu mtoto ana bahati kuliko babake. Akatabasamu kidogo. Hiyo ndiyo mara ya mwisho nilipoona meno yake mwaka ule.

Barua niliiandika vizuri. Naijua kazi hiyo. Nikaweka tarehe ya kulipa, kiasi, sababu ya bima kukataa, namba ya kifungu, orodha ya viambatisho. Nikampa asome, akasoma polepole kidole kikitembea, akatia sahihi. Kisha tukafika kwenye risiti.

Ilikuwa ile ya karatasi laini ya mashine ndogo, ndefu kama kidole cha kati, nayo ilikuwa imekaa wiki sita kwenye mfuko wa shati la mtu anayefanya kazi kwenye joto. Ilikuwa imejikunja kama ulimi wa kinyonga na maandishi yameanza kupauka. "Ndulu Chemist" ilisomeka. Tarehe ilisomeka kwa kuinamisha kichwa. Zile tarakimu za elfu hamsini na saba zilikuwa rangi ya majivu.

Niliiweka kwenye kioo cha fotokopi ikajikunja. Nikaikandamiza, ikatoka nakala yenye kivuli, nusu haisomeki. Nikaitupa. Nikamwambia, "Hii kitu itakufia kabla ya Alhamisi. Hebu niivalishe koti, inyooke, ndiyo tuipige nakala safi. Koti ni bure, zawadi ya Valentine."

Akaniuliza kama ni sawa.

"Nimelamineti vyeti vya wabunge," nikamwambia. Sijawahi.

Mashine ilikuwa imeshapata moto. Niliiweka risiti katikati ya plastiki, nikaiingiza, ikamezwa taratibu na zile rola za moto. Nilikuwa namtania kuhusu shati lake. Upande wa pili ikatoka ncha ya kwanza, na ilikuwa nyeusi. Nilidhani ni kivuli cha mkono wangu. Ikaendelea kutoka, nyeusi, nyeusi, laini na inang'aa kama mgongo wa sufuria mpya, mpaka ikaanguka kwenye trei. Hakuna Ndulu, hakuna tarehe, hakuna tarakimu hata moja. Baadaye niliambiwa kwamba karatasi ile haina wino, inaandikwa kwa moto, na ukiipa moto yote inaandikika yote. Miaka minane nina mashine ile na hakuna aliyewahi kuniletea risiti nilamineti, kwa sababu nani analamineti risiti.

Khaemba aliiokota. Ilikuwa bado ya moto. Aliigeuza, akaangalia nyuma, akaigeuza tena.

"Maneno yameenda wapi?" akauliza.

Nikamjibu jambo la kijinga. Nikasema asijali, mashine ya Ndulu inaweka kumbukumbu, Jumatatu tutatoa nyingine, HR hawatajua tofauti.

Hapo ndipo ningepiga simu. Namba ya Madam Mbithe wa HR ninayo, nimemwandikia kadi za harusi ya dadake. Ningemwambia ukweli wote, naye angeniambia Jumatatu asubuhi kinachotakiwa. Lakini niliona aibu, na mtu akizoea kujitoa kila mahali kwa mdomo hafikirii kuna mlango ambao mdomo hauufungui.

Jumatatu Khaemba alikuwa zamu, nikafunga duka nikaenda mwenyewe. Msichana wa dukani kwa Ndulu alisema ndiyo, risiti inaweza kuchapwa upya, lakini neno la siri la mashine analo mzee peke yake, naye amekwenda mazishi Kitui. Nikampigia mzee. Alisikitika, akasema anarudi Jumatano. Alirudi Jumatano kweli, jioni, vumbi la safari bado kwenye kofia, na kabla hajaketi alifungua mashine akatafuta tarehe mbili Juni. Ikatoka. Elfu hamsini na saba, chupa sita, kila kitu. Juu yake mashine ilichapa yenyewe neno moja: NAKALA.

Nilimwambia Khaemba hilo neno si kitu.

Alhamisi asubuhi tulikuwa mlangoni kwa Madam Mbithe kabla hajafika. Alifungua faili, akapanga karatasi kwa mpangilio wa orodha, akitia tiki kwa penseli. Barua, tiki. Bima, tiki. Daktari, tiki. Kuruhusiwa, tiki. Kwenye risiti penseli ikasimama. Akauliza halisi iko wapi. Khaemba akamtolea ile nyeusi kwenye plastiki yake.

Nikaingilia. Nilimwambia nimeipeleka risiti saluni ikapakwa rangi ikazidi. Mbithe hakucheka. Hana ubaya, nataka ieleweke. Alivua miwani akatueleza kwa sauti ya chini. Mwaka juzi kulikuwa na mtu aliyepeleka risiti halisi kwa bima akalipwa, kisha akaleta nakala kwa kampuni akalipwa tena, na wakaguzi walipogundua, aliyekuwa kwenye kiti kile alifutwa kazi. Tangu siku hiyo nakala haipokelewi peke yake. Lazima iwe na barua ya duka yenye muhuri kwamba risiti hiyo ilitolewa mara moja kwa mtu huyu, na hati ya kiapo mbele ya wakili, inayoeleza halisi imepotea au imeharibiwa vipi na nani. Akishavipata hivyo viwili, atalipokea faili siku hiyo hiyo.

"Mngeniambia Jumatatu," akasema. "Jumatatu kulikuwa na nafasi."

Alikuwa akimwambia Khaemba, lakini Khaemba aligeuka akaniangalia mimi.

Barua ya Ndulu tulipata kwa saa moja. Wakili ndiye hakuwepo. Jumatatu na Jumanne alikuwa ofisini, karani wake aliniambia. Alhamisi alikuwa mahakamani Mombasa, na yule mwingine wa mjini alikuwa na wagonjwa nyumbani. Nilikaa kwenye benchi la yule wa kwanza mpaka wakafunga. Saa kumi na moja orodha ya kamati ilipelekwa kwa meneja bila jina la Khaemba.

Tuliapa Ijumaa asubuhi. Ilibidi niape mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyeharibu. Wakili aliandika kwamba mimi, Mulinge, mwenye biashara ya uchapaji mjini Voi, niliiingiza risiti hiyo kwenye mashine yenye joto kwa kutojua, na risiti nyeusi imeambatishwa kama kielelezo cha kwanza. Nilitia sahihi nikalipa elfu moja. Nimeandikia watu mambo mengi, lakini hiyo ndiyo karatasi pekee niliyowahi kusoma yenye jina langu ambayo haikuwa na uongo hata mmoja.

Mbithe alilipokea faili. Siku sitini hazikuwa zimeisha, haki ya Khaemba ilikuwa salama, akagonga muhuri wa kupokea. Ila ni la kikao cha Agosti. Mbele yetu akampigia meneja kumwomba aongeze jina moja. Tulisikia sauti upande ule ikisema akianza na mmoja wataletwa kumi. Khaemba akauliza kuhusu kukopa mshahara. Mbithe alifungua kompyuta akamgeuzia kioo aone mwenyewe: mkopo wa Februari, wa mambo ya uzazi, ulikuwa bado unakatwa.

"Kamati ni tarehe ishirini na nane," Mbithe akasema. "Itapita, Baba Valentine. Karatasi zako ziko sawa sasa."

Tarehe tano Agosti walienda hospitali na elfu kumi na nne na mia tatu. Elfu kumi na moja na mia tatu zilikuwa mchango wa kambi, elfu tatu zilikuwa zangu. Nitasema na hili kwa kuwa nimeshasema mengine. Kwenye droo yangu kulikuwa na elfu ishirini za kodi ya duka. Nilizihesabu usiku wa tarehe nne nikazirudisha. Nilijiambia hata nikizitoa hazifiki arobaini na tano. Ni kweli hazikufika. Zingefika thelathini na nne, na pengine mtu mwingine angeona thelathini na nne akaongeza. Hospitali iliwapa tarehe nyingine mwezi wa tisa na dawa ya kusafisha kidonda.

Nilikwenda kambini Jumapili moja na soda na mkate. Lorine alikuwa akiosha mguu kwa maji ya chumvi kwenye beseni. Hakuniambia kitu kibaya. Alinikaribisha, akaniita shemeji kama kawaida, akasema niketi upande ule kwa sababu upande huu kuna harufu. Valentine aliniuliza kama ni mimi niliyepika risiti ya baba. Nikasema ndiyo, nikasahau chumvi. Alicheka sana, yule mtoto, mpaka mamake akamwambia atulie asitingishe beseni.

Homa ilikuja tarehe kumi na sita. Tarehe kumi na saba alishindwa kumtambua babake. Ugonjwa ulikuwa umeingia kwenye mfupa na kutoka pale kwenye damu. Jumanne, tarehe kumi na tisa, walimkata mguu chini ya goti. Kwa kuwa ilikuwa dharura, hakuna aliyeuliza amana kwanza.

Tarehe ishirini na nane kamati ilikaa. Madam Mbithe alinipigia yeye mwenyewe, sijui kwa nini mimi. Ilipita yote, elfu hamsini na saba, bila swali. Meneja alisoma hati yangu ya kiapo akasema karatasi zikiwa zimepangwa hivi kazi inakuwa rahisi. Hundi ya haraka haikuhitajika tena, kwa hiyo pesa ziliingia pamoja na mshahara wa Septemba.

Khaemba hakuja dukani mpaka Oktoba. Nilimwona akivuka barabara, nikajitia kufanya kazi kwenye kompyuta. Aliingia, akainama chini ya ule mlango mrefu. Sikumuuliza kama ananisujudia.

Alisema anataka barua. Ya kifungu kile kile. Kampuni inarudisha mpaka elfu sitini kwa mwaka, alishapata hamsini na saba, kwa hiyo zimebaki tatu. Amemnunulia Valentine magongo. Elfu mbili na mia nane. Bima wameshakataa, barua ndiyo hii, safari hii walijibu upesi.

"Inaingia," akasema. "Inabaki mia mbili."

Nilianza kupiga barua. Vidole vilijua njia: tarehe ya kulipa, kiasi, sababu ya bima kukataa. Nilipofika kwenye viambatisho nikasimama. Akaingiza mkono kwenye shati akatoa daftari la shule la Valentine, akalifungua katikati. Risiti ilikuwa imelala humo, imenyooka, karatasi laini ya mashine ndogo, maandishi meusi kabisa. Aliiweka juu ya kaunta, lakini hakuondoa kidole.

Mashine ya kulamineti ilikuwa pale pembeni, inapata moto. Kulikuwa na mwalimu ananisubiri na vyeti vya watoto. Khaemba aliiangalia, kisha akaniangalia mimi.

"Mulinge," akasema, "hii usinipikie."

Miaka kumi na moja, na huo ndio utani wa kwanza kuutoa. Mwalimu pale nyuma akacheka kwa kuwa hakujua. Mimi nilinyoosha mkono nikazima mashine ukutani, nikaipeleka risiti kwenye kioo cha fotokopi, nikaikandamiza kwa viganja vyote viwili, nikatoa nakala tatu. Nikamrudishia ile halisi. Akaihesabu pamoja na nakala, nne, akazipanga ndani ya daftari, akalipa shilingi thelathini ambazo sikutaka kuzipokea, akaziacha juu ya kaunta.